Hiyo Picha Yako ya Mashine ya Presha Inadanganya Watu

Wasee, kabla hamjaanza kunitukana kwa komenti, fanyeni hivi. Ingia duka lolote la mtandaoni, andika "mashine ya presha", halafu uangalie picha kumi za kwanza. Mashine nyeupe, mwanga wa bluu ni kama ilipigiwa ndani ya friji, stethoskopu imelazwa kando, moyo mwekundu unang'aa nyuma, na ile laini ya kuruka-ruka ya mapigo imepita katikati. Kwa skrini ni 120 juu, 80 chini. Kila mashine, kila duka. Ni kama nchi nzima iko na presha ya mtu mmoja.

Hizo picha nazijua vizuri juu zingine nimezipiga mimi.

Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (hiyo stori niliposti, sirudii), kodi ya bedsita nilikuwa nalipa na picha za bidhaa. Viatu, blenda, sufuria, chochote. Muuzaji mmoja wa taoni, jina lake nitaliacha, akaniletea mashine ya presha ya kufunga mkononi. Maagizo yake yalikuwa sentensi moja: "Ikae kihospitali." Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi. Beste yangu akakubali kuwa modo lakini akakataa kuvua hudi. Tukamfunga ule mkanda juu ya mkono wa hudi, akaweka mkono kwa mapaja, akacheka akiangalia kamera. Mashine haikuwa hata na betri. Skrini nikaijaza baadaye kwa kompyuta: 120, 80, na mapigo 72. Moyo nikaweka, laini nikaweka, stethoskopu nikaitoa kwa picha nyingine ya zamani. Nikalipwa elfu tatu na mia tano, na nikaona mimi ni mkali.

Miezi kadhaa baadaye nikaenda Kinangop kuona shosho. Alikuwa na bandeji kwa kifundo cha mkono. Alikuwa ameanguka asubuhi akienda kukama, kichwa kilizunguka tu akajipata chini. Kwa dispensari walimpima wakapata 108 kwa 66, na huyu ni mtu ameishi na presha ya juu miaka mingi. Daktari akamuuliza kuhusu dawa zake. Ikatoka kwamba siku mashine ya nyumbani ikionyesha namba kubwa, shosho alikuwa anameza tembe mbili badala ya moja. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo. Mashine ndiyo ilimtisha.

Mashine gani? Binamu yangu alikuwa amemnunulia mtandaoni. Ndani ya boksi, yule muuzaji alikuwa ameweka kikaratasi cha rangi. Kwenye hicho kikaratasi nikaona hudi ya beste yangu.

Nikamwomba shosho anionyeshe venye anajipima. Akatoa kikaratasi, akakisimamisha kwa kikombe, akafuata picha kama mtu anayefuata padri. Mkanda juu ya sweta, ile nzito ya kufuma. Mkono kwa mapaja. Na akiwa anapima ananiongelesha, juu yule msichana kwa picha anacheka. Ikasoma 158 kwa 94.

Tukapumzika. Nikamwomba avue mkono mmoja wa sweta, akaniambia kuna baridi, nikamfunga leso mabegani. Akakaa kwa kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza na mto chini yake. Dakika tano kimya, ambayo kwa shosho ni kama mfungo. Ikasoma 137 kwa 82. Dakika moja baadaye, 134 kwa 80.

Presha hubadilika yenyewe kila saa, kwa hivyo siwezi kukuambia tofauti yote ya zaidi ya ishirini ilikuwa ya sweta na mapaja. Lakini yale makosa yote matatu, sweta, mapaja na kuongea, yanasukuma namba upande mmoja. Yanaipandisha. Na yote matatu yalikuwa kwa picha yangu.

Sasa hapa ndio watu huniambia, "Bro, hiyo ni picha tu." Sikiza kwanza hii mashine inafanyaje kazi, halafu uniambie tena.

Ule mkanda una mfuko wa hewa ndani. Pampu inaujaza mpaka mshipa wa mkono unabanwa. Damu inapojisukuma kupita pale pamebanwa, mshipa unatetemeka, na mtetemo huo unaingia kwa hewa iliyo ndani ya mkanda. Sensa inasikia huo mtetemo. Hewa ikibadilika, mtetemo unakua halafu unapungua, na kutoka kwa hiyo tabia mashine inapiga hesabu ya namba ya juu na ya chini. Yaani mashine haioni presha yako moja kwa moja. Inakisia kutoka kwa kutetemeka kwa hewa. Ukiweka sweta nene katikati, mkanda unahitaji kusukuma zaidi ndio ubane mshipa uleule, na mtetemo unafika umefifia. Ukikunja mkono wa shati hadi juu ukabana kama kamba, umeharibu pia. Ndio maana mkono unafaa kuwa wazi kabisa. Huo sio urembo wa picha.

Mkono kwa mapaja nao ni hesabu ya maji kwa tangi. Damu iko na uzito. Mkanda ukishuka sentimita kumi chini ya usawa wa moyo, namba inapanda kama saba au nane hivi, bila moyo wako kufanya chochote tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walichapisha utafiti mwaka wa 2024 wakilinganisha mikono ya watu walewale: ikiwa juu ya meza, ikiwa kwa mapaja, na ikining'inia kando. Mapajani namba ya juu ilizidi kwa karibu 4, ikining'inia ikazidi kwa zaidi ya 6. Unaweza kusema nne ni kidogo. Sawa, lakini mpaka ambao madaktari wengi hutumia kusema una presha ya juu ni 140 kwa 90, na mtu wa 137 akiongezewa nne amevuka. Amevuka juu ya pozi. Pozi ambayo mpiga picha alichagua kwa sababu vidole vinakaa vizuri.

Halafu kuna saizi ya mkanda, ambayo ndio inaniuma zaidi juu hakuna mtu huiweka kwa picha. Mkanda uliokuja na ile mashine umeandikwa sentimita 22 mpaka 32. Hiyo ni mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, unaopimwa kwa futi ya fundi nguo. Ukiwa na mkono wa sentimita 38 na ujifunge huo mkanda kwa nguvu, utadanganywa. Hao wa Johns Hopkins, mwaka wa 2023, waliangalia pia hili: watu waliohitaji mkanda mkubwa zaidi ya wote, wakipimwa na wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa karibu 20. Ishirini! Mtu mzima wa 125 anaenda nyumbani akijua ni mgonjwa. Na saizi imeandikwa pale kwa mkanda, kwa herufi zinazoonekana, lakini sisi wapiga picha tunaugeuza ili upande safi uangalie kamera. Mimi niliugeuza. Maandishi yalikuwa yanachafua picha, ati.

Kwa hivyo sikubali ile hoja ya "watu wasome maagizo". Maagizo yako kwa kijitabu cha herufi kama siafu, kwa Kiingereza cha kiwandani, na yanafika baada ya mtu kulipa. Picha inafika kwanza. Shosho hakusoma kijitabu, alisoma mkono wa beste yangu. Ukionyesha mtu akitumia kifaa, umeandika maagizo tayari, utake usitake.

Sasa tuje kwa mapambo. Ile laini ya kuruka-ruka ni rekodi ya umeme wa moyo. Inachukuliwa na vibandiko vya waya kifuani, au na kifaa chenye vyuma vya kugusa. Mashine ya kawaida ya mkanda haina hivyo vitu na haichori hiyo laini. Ukiipitisha nyuma ya bidhaa, umemwambia mnunuzi itamchunguza moyo. Nimeona komenti ya mtu akiuliza kama akinunua atajua iwapo moyo una shida. Swali la haki kabisa, picha ndio ilimwambia. Stethoskopu nayo haiko kwa boksi, na hii mashine haiihitaji, juu inasikia hewa, haihitaji mtu wa kusikiliza mshipa. Kazi yake pale ni moja tu, kukufanya udhani kuna daktari amesimama nje ya fremu. Hakuna. Kuna mimi na sufuria ya ugali kwa jiko la gesi.

Na kuna wale hupiga picha mbili kando kando, 160 kwa 100 upande huu na 120 kwa 80 upande ule, mashine katikati. Hao wacha niseme wazi: hiyo ni uongo. Mashine ya kupima haitibu. Rula haikufanyi urefuke.

Kuhusu skrini, nakubali iko na ubishi. Kuna mse wa picha ninayemheshimu aliniambia 120 kwa 80 ni kama saa za maduka kuwekwa saa nne na dakika kumi, kila mtu anajua ni maonyesho. Nimefikiria hiyo. Tofauti ni kwamba hakuna mtu hujilinganisha na saa ya dukani halafu ameze tembe. Shosho aliniambia alikuwa anangoja mashine "ifike kwa ile ya picha". Hiyo namba kwake haikuwa mapambo, ilikuwa lengo, na akawa analikimbilia na dawa. Lengo la mtu anayetumia dawa linawekwa na daktari anayemjua, sio na mimi.

Basi nikarudi kupiga tena. Bila kulipwa, ndio, chekeni.

Kitu cha kwanza nilitupa ni bluu. Watu hudhani mwanga wa kihospitali ni bluu juu filamu zimetuzoesha hivyo. Mwanga safi hauna rangi: kitu cheupe kikae cheupe, kijivu kikae kijivu, ngozi ya mtu isikae ya maiti. Nilitumia taa mbili za rangi moja, ile ya mchana, kila moja nikaifunika kitambaa cheupe ili vivuli viwe laini, nikazima balbu ya chumba kabisa juu ilikuwa ya manjano na ukichanganya rangi mbili hutoki. Nikapiga picha moja ya karatasi nyeupe tupu, kamera ikaitumia kujua nyeupe ni gani.

Shida ya pili ni plastiki nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Ukiwasha taa zote kwa nguvu, kingo za mashine zinapotea, na vitufe vinakuwa ukungu. Dawa yake ni bei ya kadibodi. Nikakata vipande viwili, nikavipaka nyeusi, nikavisimamisha kulia na kushoto nje ya fremu. Plastiki inaakisi ule weusi, na ghafla kingo zinaonekana kama zimechorwa kwa penseli. Sasa unaona tundu la mrija wa hewa, tundu la waya wa umeme, kila kitu mahali pake.

Skrini ilinisumbua saa nzima. Nilikuwa na ile filta ya kukata mng'ao, nikaizungusha, na namba zikapotea. Skrini nyeusi tii. Nikadhani nimeua mashine. Kumbe hizo skrini za LCD zina filta ya aina hiyohiyo ndani yake, na zikipishana zinazima mwanga wote. Nikaitoa, nikasogeza taa juu zaidi ili mng'ao uanguke nje ya kamera, nikaweka lenzi sawa na uso wa skrini, juu ukiangalia kutoka pembeni namba zinafifia.

Na niliweka namba gani? Hakuna. Hiyo mashine, kama nyingi, ukibonyeza kuwasha inaonyesha alama zake zote kwa sekunde moja mbili kujipima: 888 kila mahali, betri, kumbukumbu, kila kitu. Nikapiga hapo. Ni skrini ya kweli, iliyopigwa ikiwa imewaka, mnunuzi anaona ukubwa wa namba na wapi pameandikwa SYS, DIA na PUL, na sio presha ya mtu yeyote.

Mkanda bila mkono hulala kama soksi, kwa hivyo watu huujaza chochote. Hapo pia kuna hesabu. Nilitaka uonekane kama umefungwa mkono wa sentimita 28. Gawanya kwa 3.14, unapata upana wa karibu sentimita tisa. Nikakunja kadibodi bomba la upana huo, nikafunga. Kwa mkanda kuna mstari mmoja na eneo lililochorwa, na mstari unafaa kuanguka ndani ya hilo eneo. Ukianguka nje, umefunga mkono usio saizi yake, na mtu anayejua ataona kwa picha. Sasa ule upande wenye maandishi, 22 mpaka 32, ndio unaangalia kamera.

Ile ya kutumika nilimpiga shosho mwenyewe. Mkono wazi, ukingo wa chini wa mkanda vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija ukishuka ndani ya mkono kuelekea kidole cha kati, mkanda usawa na moyo, mkono umelala mezani. Mdomo umefungwa. Aliuliza kwa nini hacheki kama yule msichana. Nikamwambia ukicheka namba inapanda. Akaona hiyo ni sababu mbaya sana.

Picha ya mwisho ni chini ya mashine, pale kuna kibandiko cha modeli. Hakuna mtu hupiga hapo. Lakini hapo ndio mnunuzi anaweza kuchukua namba ya modeli, aingie stridebp.org, aangalie kama hiyo mashine imepimwa usahihi wake na watu wasioiuza. Wauzaji wanapenda kubandika tiki ya kijani na neno "imethibitishwa". Imethibitishwa na nani? Onyesha namba ya modeli, tutaangalia wenyewe. Na kama picha yako ni ya modeli yenye tundu la waya wa umeme na boksi lina ya betri pekee, hiyo nayo hakuna mwanga wa kuisafisha.

Saa za mkononi zinazodai kusoma presha kwa taa ya kijani bila mkanda wowote, na picha zao za 120 kwa 80, nitaziandikia siku yake. Leo nina hasira za kutosha.

Nikampelekea yule muuzaji picha zote bure. Akachukua ile ya kingo, akasema iko fiti. Ya 888 akasema inaonekana kama mashine imeharibika. Ya shosho akasema haina "mvuto". Nikamwambia shosho alianguka. Akanyamaza kidogo kwa simu, akasema pole, halafu akauliza kama naweza kumbadilishia tu mkono wa hudi kwa kompyuta uonekane wazi, moyo ubaki. Nikakataa. Nikamwomba aitoe ile ya zamani, akasema ataangalia.

Hiyo ilikuwa Februari. Jana niliitafuta. Bado iko kwa ukurasa wake, na sasa iko kwa maduka mengine manne ambayo hayakunilipa hata bob, moja ikiuza modeli tofauti kabisa. Hudi ni ileile, mapaja ni yaleyale, 120 kwa 80. Nimewaandikia wote wanne. Mmoja amejibu, ameuliza kama niko na nyingine kama hiyo lakini yenye bluu zaidi.